Dawa Zinapopatana Kupita Kiasi

Karibu kila boksi la vidonge lina karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi, imejaa maandishi madogo ya Kiingereza, na karibu kila karatasi ya namna hiyo ina sentensi inayomtaka mgonjwa amweleze daktari au mfamasia wake kama anatumia dawa nyingine yoyote, zikiwemo za mitishamba, kwa kuwa zinaweza kuingiliana na hii. Mpe karatasi hiyo kijana yeyote wa Mpemba aliyemaliza kidato cha nne. Ataitafsiri kwa dakika moja na hatakosea neno. Mgonjwa atasikiliza, atashukuru, kisha atarudi nyumbani na kuendelea na vyote viwili, kidonge asubuhi na chupa jioni.

Kijana hana kosa. Sentensi imemdhania mgonjwa mwenye daktari wake na mfamasia wake, anayenunua mitishamba dukani ikiwa na jina kwenye kopo. Mpemba iko kando ya barabara kuu inayotoka Mbeya kwenda Tunduma, pale inapochepuka ile ya Isongole na Ileje. Mtu wa hapa anaweza kupimwa Vwawa, akapewa vidonge Tunduma, akanunua vingine ng'ambo ya mpaka Nakonde, na mizizi akaipata kwa shemeji yake wa Ileje ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Aliye karibu naye ni mtoa dawa wa duka la dawa muhimu, yale maduka yaliyoanza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, ambaye amepata kozi fupi na hajawahi kukaa darasa la shahada ya famasia. Kama onyo lina mahali pa kufanya kazi, ni kwenye kaunta yake.

Tuanze na lile neno, kuingiliana. Kamusi inalikubali, na vitabu vya famasia vya Kiswahili vina "mwingiliano wa dawa". Mitaani, watu wanaoingiliana wanafanya jambo ambalo halisemwi mbele ya wakwe. Lisome mbele ya benchi la wagonjwa uone nani atabaki na uso mkavu. Kwa hiyo wengi hukimbilia maneno yanayosemwa kila siku: dawa zinagombana, zinapingana, zinagongana. Haya yanaeleweka mara moja na kwa muda mrefu niliyaona yanatosha. Siku hizi naona yana hatari yake, kwa sababu yanamfundisha mgonjwa kuogopa ugomvi peke yake. Madhara mabaya kuliko yote hutokea pale ambapo kidonge na mti vinapatana mno.

Mtazame mzee mmoja wa kufikirika, ila kila kilicho ndani ya habari yake hutokea. Ana miaka 62, analima mahindi, ana kisukari. Amepewa glibenklamidi ya miligramu 5, moja kila asubuhi pamoja na chakula, na metformini ya miligramu 500 mara mbili kwa siku. Mashine imesoma 13. Jirani, kwa wema kabisa, anamletea lita moja na nusu ya maji ya alovera yaliyochanganywa na karela iliyopondwa. Anakunywa nusu glasi asubuhi na nusu glasi usiku. Wiki mbili baadaye mashine inasoma 7. Mzee anafurahi na jirani anafurahi. Hata muuguzi anafurahi, kwa kuwa hajaambiwa habari ya chupa.

Hapa ndipo wengi wetu tunaoandika maonyo tunapopotea. Tunaandika kana kwamba mitishamba ni maji ya bure yanayomdanganya mgonjwa. Mzee ameona 13 ikawa 7 kwa macho yake, kwa hiyo anayemwambia kwamba karela haifanyi kazi amejiondoa mwenyewe kwenye orodha ya watu wa kusikilizwa. Karela inashusha sukari, na mwaka 1979 jarida la kitabibu la Lanseti la Uingereza lilichapisha habari ya mgonjwa wa kisukari aliyekuwa akila mchuzi wa karela huku anameza klorpropamidi, kidonge cha ukoo mmoja na glibenklamidi. Wakati wa karela, sukari yake ilishuka kuliko kidonge kilivyotarajiwa kuishusha. Mmoja wa waandishi wa habari ile, Ivan Stokli, ndiye aliyekuja kuandika kitabu kikubwa cha migongano ya dawa ambacho wafamasia wa nchi nyingi hukifungua hadi leo.

Glibenklamidi hailingani na metformini. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari chini ya kiwango cha kawaida. Glibenklamidi hulikamua kongosho litoe insulini, na hulikamua iwe umekula au hukula. Kazi yake hudumu saa nyingi, kwa mzee mwenye figo dhaifu hata siku nzima na zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri isitumike kwa watu waliovuka miaka 60, ingawa katika maduka na zahanati zetu bado utakuta wazee wanaishi nayo miaka kumi, kwa kuwa ni ya bei nafuu na ndiyo iliyopo.

Sasa mzee wetu ana siku ya mnada. Ameondoka alfajiri, amemeza kidonge na nusu glasi yake, chai akasema atakunywa huko huko. Mchana amekula muhogo wa kuchoma. Usiku amechoka, amelala na chakula kidogo, lakini ile nusu glasi ya jioni hakuiacha. Saa 9 usiku mkewe anaamka kwa sababu shuka limelowa. Mzee ana jasho baridi, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, anajibu maneno yasiyoeleweka na anamkasirikia kila mtu. Katika nyumba nyingi dakika ishirini zinazofuata huenda kwenye mabishano: ni malaria imempanda kichwani, ni pombe ya mnadani, ni mtu kamchezea.

Kama mashine ipo, ingesoma chini ya 4, labda 2 na nukta. Kama haipo, jasho na kuchanganyikiwa kwa mtu anayemeza vidonge vya sukari vinatosha kuamua. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15, kama hajarudi sawasawa, apewe tena vilevile. Akizinduka, ale ugali au uji mzito. Akiwa amezimia asimiminiwe chochote mdomoni, maana kitakwenda mapafuni. Alazwe ubavu, apakwe sukari au asali kidogo ndani ya shavu huku usafiri unatafutwa.

Kosa linaloua baada ya hapo ni kuona amepona. Mzee anakaa, anaomba maji, anauliza ilikuwaje, na bodaboda aliyekuwa ameitwa anaambiwa arudi. Kumbe glibenklamidi bado inakamua. Sukari aliyopewa itakwisha baada ya saa moja au mbili, na kabla ya jua kutoka atashuka mara ya pili, safari hii watu wote wamelala wakijua kazi imekwisha. Aliyeshushwa na glibenklamidi hupelekwa hospitali hata kama anaongea, akakaa chini ya uangalizi kwa siku nzima. Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kuliona kwenye kikaratasi cha Kiswahili: kama mzee anatumia pia propranololi kwa ajili ya presha au moyo, kutetemeka na mapigo ya mbio vinaweza visionekane. Jasho hubaki. Mke wa mgonjwa wa namna hiyo afundishwe kuligusa shuka.

Upande wa pili wa mafanikio ya chupa nao una madhara yake. Mgonjwa akiona 7 huamua kwamba kidonge sasa hakihitajiki. Mwaka 2011, wakati wa kikombe cha Babu kule Samunge, Loliondo, watu walimiminika kwa maelfu kunywa dawa ya mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na miongoni mwao wapo waliorudi nyumbani wakaweka kando ARV na vidonge vya kisukari kwa imani kwamba wamepona. Walioumia kwa kuacha vidonge hawakudhuriwa na ule mti kwenye kikombe. Onyo lisilotofautisha kuchanganya na kuacha linaweza kumsukuma mtu huko huko, kwa sababu ukimwambia mgonjwa achague kimoja, unajuaje atachagua kidonge?

Mambo huwa magumu zaidi pale ambapo chupa ya mitishamba ina kidonge ndani yake. Kati ya Januari na Mei 2008 hospitali za Singapuri zilipokea wagonjwa 150 ambao sukari yao ilikuwa imeshuka vibaya ilhali hawakuwa na kisukari. Wanne walikufa. Walikuwa wametumia dawa za kuongeza nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kama tiba za asili, na zilipopimwa zilikutwa na glibenklamidi nyingi. Mji wa mpakani wenye madereva wa masafa marefu, foleni za siku kadhaa na wachuuzi wenye spika hauna haja ya kuelezwa soko la dawa za namna hiyo likoje. Dalili ya kushtukia ni hii: mti wa kawaida hufanya kazi taratibu na kwa kubahatisha, leo umeiva vizuri, kesho umechemshwa kidogo. Unga unaofanya kazi ndani ya saa moja, kwa nguvu ileile kila siku na kwa kila mtu, una uwezekano mkubwa wa kuwa na kitu kilichotoka kiwandani.

Mpaka hapa ni habari ya dawa zinazopatana. Zipo ambazo kweli hugombana, na ugomvi wa kwanza hutokea tumboni kabla kidonge hakijafika kwenye damu. Kwa Tanzania, wanaotumia ARV wengi tangu 2019 wamehamia kwenye kidonge kimoja kwa siku kinachoitwa TLD, na moja ya dawa tatu zilizomo ni dolutegraviri. Dawa hii hushikwa na madini ya chuma, kalisi, magnesi na alumini. Ikishikwa hainyonywi vizuri, hupita na kutoka. Kikaratasi kitataja vidonge vya kuongeza madini na dawa za kiungulia. Hakitataja pemba.

Pemba ninayosema hapa haihusiani na Mpemba. Ni ule udongo mkavu wa kutafuna unaouzwa sokoni kwa vipande, kipenzi cha wajawazito. Una madini, na udongo wa mfinyanzi una tabia ya kunasa vitu tumboni. Mwaka 1982 watafiti walipowapa watu klorokwini pamoja na kaolini, ambayo ni udongo wa jamii hiyo, zaidi ya robo ya dawa haikuingia mwilini. Mjamzito anayetafuna pemba mchana kutwa, anayemeza FEFO ya kliniki na TLD yake, anafanya tumbo moja lipokee vitu vitatu vinavyogombea njia.

Kanuni ya dolutegraviri ni rahisi ikisemwa kwa Kiingereza: imezwe saa mbili kabla au saa sita baada ya vitu hivyo. Itafsiri sasa. "Meza saa 2 kabla." Nusu ya watu wataelewa kwamba kidonge kinamezwa saa 2 asubuhi. Walimu wa Kiswahili hawalipendi neno "masaa", wanasema wingi wa saa ni saa, na wana haki yao. Lakini mtaa umelibuni neno hilo kwa sababu nzuri kabisa: saa mbili ni mshale wa ukutani, masaa mawili ni muda unaopita. Kwenye bahasha ya dawa ningeandika "masaa mawili" bila kuona haya. Afadhali zaidi ni kuachana na hesabu na kupanga siku yenyewe. Mama aambiwe: pemba mwisho saa 9 alasiri, TLD saa 3 usiku, kisha lala. Masaa sita yameshapita, masaa mawili ya mbele atakuwa usingizini, na hana cha kukokotoa. FEFO aimeze na chakula cha mchana, au hata pamoja na TLD mradi wakati huo anakula mlo kamili, kwa kuwa chakula hupunguza ule ushikaji wa chuma. Dawa ya kiungulia yenye magnesi au alumini haina ruhusa hiyo. Na kama anaweza kuiacha pemba kabisa, FEFO yake nayo itamshukuru.

Ugomvi wa pili hauponywi na masaa, na hili huwachanganya hata watoa dawa wazuri. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada waliokuwa wakichunguza kidonge cha presha kiitwacho felodipini pamoja na pombe walitumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe hiyo. Walikuta kidonge kimezidi kwenye damu mara kadhaa kuliko ilivyotegemewa, na baadaye wakagundua mkosaji ni balungi. Katika ukuta wa utumbo na katika ini kuna vimeng'enya vinavyokivunja kidonge kabla hakijaenea mwilini. Balungi huvizima vile vya utumbo, na mwili huhitaji siku nzima au zaidi kutengeneza vingine. Kwa hiyo mama anayemeza nifedipini asubuhi na kula balungi jioni hajakwepa kitu. Dalili zake ni kizunguzungu anaposimama, kichwa kugonga, uso kuwa wa moto, miguu kuvimba. Dawa ya hapo ni kuacha balungi kabisa, na ni vizuri aambiwe pia kwamba chungwa la kawaida analoliona pembeni ya balungi mezani halina shida hiyo.

Mimea mingine hufanya kinyume, huamsha vimeng'enya hivyo vikakimaliza kidonge mapema. Mfano unaotajwa na kila kikaratasi ni mmea wa maua ya njano wa Ulaya wenye jina la Mtakatifu Yohana, ambao mwaka 2000 ulionekana kupunguza dawa moja ya ARV kwenye damu kwa zaidi ya nusu. Nimeona mtu akiutafsiri neno kwa neno kuwa "magugu ya Yohana Mtakatifu". Msomaji wa Mpemba atabaki akijiuliza kama ni yale ya kanisani. Jina hilo lingeachwa, nafasi yake ikapewa mimea ambayo kweli imo kwenye sufuria za hapa.

Ila tusijaze nafasi hiyo kwa kila jani. Mlonge ulipopimwa maabara ulionekana unaweza kuzima vimeng'enya vya ini, na habari hiyo ikatosha kuwatisha watu. Kule Zimbabwe wakawapa unga wa majani yake wagonjwa waliokuwa wakitumia nevirapini, wakapima damu zao, na matokeo yaliyochapishwa 2017 hayakuonyesha mabadiliko ya maana. Hiyo ni dawa moja na kipimo kimoja cha unga, haihalalishi kila kitu. Lakini kikaratasi kinachokataza mlonge, tangawizi, mchaichai na limao kwa pamoja kitatupwa pamoja na lile katazo la karela, ambalo lingeweza kuokoa mtu.

Turudi kaunta, maana onyo lote hili linategemea swali moja kuulizwa vizuri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, unatumia dawa nyingine zaidi ya hizi?"

"Hapana. Ni hizi hizi."

Mzee hajasema uongo. Kwa lugha yake, dawa aliyoulizwa ni ya hospitali. Zaidi ya hapo, anakumbuka mara ya mwisho alipotaja mizizi mbele ya mtu mwenye koti jeupe akafokewa. Mtoa dawa mzoefu huliacha neno dawa na kuuliza kwa vitendo.

"Nyumbani kuna kitu unachemsha ukanywa, baba? Au unaloweka, unalamba, unaweka kwenye uji?"

"Ah, hivyo vipo. Kuna maji ya alovera, na kuna unga wa kokwa la parachichi kaniletea dada yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita. Yananisaidia sana."

"Nashukuru umeniambia. Hebu kesho niletee hiyo chupa na huo unga, tuone. Na asubuhi huwa unakula kabla ya kidonge au baada?"

Swali la mwisho ndilo la maana kuliko yote kwa mtu wa glibenklamidi, na limekuja kirahisi kwa sababu hakuna aliyefokewa. Kesho chupa ikija, zipo njia za kuitazama. Kama maji ni machungu sana na ya njano, ule utomvu wa chini ya ganda la alovera umeingia, nao huharisha. Kuhara kunapoteza potasi, na mzee anayetumia pia kidonge cha kukojoza cha presha atakuwa anaipoteza kwa milango miwili. Ataanza na miguu kulegea na misuli kukaza usiku. Akikataa katakata kuacha chupa, mtoa dawa hana sababu ya kugombana naye. Amwombe asizidishe kipimo, apime sukari asubuhi na usiku kwa wiki nzima, asimeze kidonge kabla sahani haijawekwa mezani, kisha mtoa dawa mwenyewe amwandikie barua fupi aende nayo kwa daktari ili glibenklamidi ipunguzwe au ibadilishwe.

Tatizo linalobaki ni majina. Mti mmoja unaweza kuwa na jina la Kinyamwanga hapa, la Kinyiha kule Mbozi, la Kindali Ileje, na muuzaji wa stendi akaupa jina la nne la kibiashara. Majina mawili yanaweza kuwa mti mmoja, na jina moja likawa miti miwili. Kikaratasi kilichochapwa Dar es Salaam hakiwezi kulimaliza hilo. Ndiyo maana, kama ningepewa kazi ya kukitafsiri upya kwa ajili ya Mpemba, sehemu ya mitishamba ningeifupisha mpaka mistari minne au mitano, na chini yake ningeacha mistari mitupu. Hapo mtoa dawa ataandika kwa kalamu jina ambalo mgonjwa mwenyewe amelitamka, siku alipoanza, na kipimo chake kwa glasi au kijiko cha nyumbani kwake. Jani lenyewe, likiwepo, libanwe kwa pini pembeni, likauke hapo hapo mpaka mtu wa kulitambua apatikane.